Kuingiza data ya madodoso mara mbili na kusuluhisha tofauti: mwongozo kamili

Wengi wanaokwama hawakwami kwenye kuchapa. Wanachapa vizuri, mara ya kwanza na ya pili, kisha wanabaki na mafaili mawili yasiyofanana na hawajui la kufanya. Mmoja anafungua yote mawili na kurekebisha hapa na pale mpaka hakumbuki tena lipi lilikuwa la nani. Mwingine anaamini faili la karani mzoefu na kulitupa la pili, yaani kazi ya wiki nzima imekwenda bure. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, kwa hiyo sehemu ya kulinganisha ndiyo ndefu kuliko zote.

Ninatumia Excel kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi. EpiData, CSPro na REDCap zina njia zake za kulinganisha zilizojengwa ndani, na ukiwa nazo zitumie. Maamuzi utakayoyafanya ni yaleyale.

## Mahitaji

- Madodoso yenyewe ya karatasi, kila moja na namba yake ya pekee iliyoandikwa kwenye kila ukurasa.
- Daftari la mapokezi: orodha ya namba zote za madodoso yaliyorudi kutoka kwa wahoji, iliyotengenezwa kabla ya mtu yeyote kuchapa chochote.
- Mwongozo wa misimbo: kwa kila swali, jina la safu na namba zinazoruhusiwa kama jibu.
- Makarani wawili, na mtu wa tatu wa kuamua tofauti. Huyu nitamwita mwamuzi.
- Faili tupu moja, lenye safu zote tayari, ambalo kila karani atapewa nakala yake.

Ukiwa na karani mmoja tu, inawezekana, lakini achape mara ya pili baada ya siku kadhaa na kwa mpangilio tofauti wa karatasi. Jua kwamba ni kinga hafifu. Aliyesoma mwandiko vibaya mara ya kwanza ana kila sababu ya kuusoma vilevile mara ya pili.

Mfano utakaotuongoza ni huu: madodoso 240, namba 1001 hadi 1240, kila moja na safu 38 za majibu. Namba ya dodoso iko safu A, majibu yanaanzia B na kuishia AM. Seli za kulinganisha ni 240 × 38, yaani 9,120.

## Hatua ya 1: Funga mianya kwenye faili tupu

Tofauti nyingi hazitokani na vidole kuteleza. Zinatokana na makarani wawili kuelewa jambo moja kwa namna mbili, na dawa yake ni kulimaliza hapa.

Hakuna seli tupu. Hii ndiyo kanuni ya kwanza. Weka msimbo wa kila aina ya ukimya: 888 kwa "hajui", 999 kwa "hakujibu", 777 kwa "swali halimhusu" na 666 kwa "haisomeki". Usitumie 88 au 99 kwenye safu ya umri, maana kuna watu wenye umri huo. Seli ikibaki tupu, utajua kwa hakika kwamba karani aliiruka.

Tarehe igawe safu tatu: siku, mwezi, mwaka. Ukiiacha safu moja, Excel itaigeuza kimyakimya. Karani akichapa 3-4 anaweza kukuta imekuwa tarehe kamili ya mwaka huu, na kama kompyuta mbili zina mpangilio tofauti, moja itasoma mwezi mahali pa siku.

Swali la "chagua yote yanayohusika" lipe safu moja kwa kila chaguo, 1 ikiwa limewekewa alama na 0 ikiwa halina. Kuandika "1,3,4" ndani ya seli moja ni kujitafutia kazi.

Zima ukamilishaji wa maneno. Kwenye Excel nenda `File > Options > Advanced` uondoe alama kwenye `Enable AutoComplete for cell values`. Ukiiacha, karani anayechapa herufi mbili za jina atakamilishiwa jina la mstari wa juu, na kosa la namna hiyo halionekani kwa macho kwa sababu limeandikwa vizuri kabisa.

Namba za madodoso zianze na 1001, siyo 001. Sababu utaiona hatua ya 4.

## Hatua ya 2: Chapa mara ya kwanza na ya pili, bila kuonana

Gawa madodoso katika mafungu ya 20. Kila karani achape mafungu yote, lakini waanzie ncha tofauti, mmoja fungu la 1, mwingine fungu la 12. Hivyo hawagombei karatasi, na uchovu wa jioni hauwaangukii kwenye madodoso yaleyale.

Mafaili yasikae kwenye folda moja wanayoifungua wote, na wasiulizane "hapa wewe umesoma nini?" Swali hilo dogo linaua zoezi lote, kwa sababu wakikubaliana kwenye kosa, hakuna fomula itakayoligundua. Penye utata kila mmoja achape anavyoona na aweke alama ya penseli kwenye orodha yake mwenyewe, kamwe si kwenye dodoso. Alama kwenye dodoso ataiona mwenzake.

Karani achape kilichoandikwa, hata kama hakiingii akilini. Karatasi ikisema umri ni 210, anachapa 210. Kurekebisha si kazi yake.

## Hatua ya 3: Linganisha fungu la kwanza mapema

Kila mmoja akishamaliza fungu lake la kwanza, wabadilishane mafungu hayo na kuyachapa, kisha uyalinganishe hayo 40 kabla kazi haijaendelea. Hapa unatafuta tofauti za mfumo: safu inayotofautiana karibu kila mstari, jambo lisiloweza kuwa la bahati. Kwa mfano, mmoja anaweka 777 pale swali linaporukwa na mwingine anaweka 999. Ongeza sentensi kwenye mwongozo wa misimbo, wape wote wawili kwa wakati mmoja, na waendelee. Ukigundua hilo mwishoni, utakuwa na mamia ya tofauti ambazo si makosa ya mtu.

## Hatua ya 4: Hakiki namba za madodoso kabla ya majibu

Sasa weka kila kitu kwenye kitabu kimoja cha Excel. Shiti ya karani wa kwanza iite `KWANZA`, ya wa pili iite `PILI`. Kabla ya hapo hifadhi mafaili yao ya awali mahali pengine, yafanye ya kusoma tu, na usiyaguse tena.

Tengeneza shiti `NAMBA`. Safu A bandika namba zote kutoka daftari la mapokezi. Kisha B2 na C2:

```
=COUNTIF(KWANZA!A:A, A2)
=COUNTIF(PILI!A:A, A2)
```

Buruta chini. Kila seli lazima isome 1. Kisha hesabu jumla ya mistari ya kila shiti:

```
=COUNT(KWANZA!A:A)
=COUNT(PILI!A:A)
```

Zote zisome 240. Tunaanzia daftari la mapokezi badala ya kulinganisha mafaili yenyewe kwa sababu dodoso likirukwa na makarani wote wawili, mafaili yatakubaliana kwamba halipo.

Kwenye mfano wetu `KWANZA` ina 240, `PILI` ina 239. Namba 1078 imetokea mara mbili kwenye `PILI`, 1087 haipo, na 1143 haipo. Kisa cha 1078 na 1087 kinajieleza, tarakimu zimepinduana. Lakini usibadilishe mstari wowote mpaka uwe na karatasi zote mbili mkononi, maana huwezi kujua kwa kukisia ni mstari upi kati ya ile miwili ulio 1087 halisi. Dodoso 1143 lilirukwa, basi karani wa pili alichape yeye mwenyewe. Kunakili mstari kutoka `KWANZA` ili hesabu itimie ni kujidanganya.

Na hapa ndipo 001 inapoleta shida. `COUNTIF` inaona "007" iliyoandikwa kama maandishi na 7 ya namba kuwa kitu kimoja, kwa hiyo itakuonyesha 1 na utaridhika. `MATCH` ya hatua inayofuata inaziona tofauti na itakupa `#N/A`. Jumla ya `COUNT` ikiwa pungufu wakati mistari yote ipo, tafuta namba zilizohifadhiwa kama maandishi.

## Hatua ya 5: Linganisha seli kwa seli

Tengeneza shiti `LINGANISHA` yenye vichwa vya safu vilevile. A2 weka `=KWANZA!A2` uburute mpaka mstari wa 241. Kisha B2:

```
=IF(EXACT(KWANZA!B2&"", INDEX(PILI!B:B, MATCH($A2, PILI!$A:$A, 0))&""), 0, 1)
```

Buruta kulia hadi AM na chini hadi mstari wa 241. Sifuri ni kukubaliana, moja ni tofauti. Kama Excel yako inakataa mkato, tumia nukta-mkato kutenganisha vipande vya fomula.

Mambo mawili ndani ya fomula hii yana sababu. `MATCH` inamtafuta mhojiwa kwa namba yake, kwa hiyo haijalishi mpangilio wa mistari. Wanaolinganisha mstari wa 2 na mstari wa 2 huharibikiwa siku faili moja linapopangwa upya au kukosa mstari mmoja, kwani kuanzia hapo kila kitu kinakuwa tofauti.

`EXACT` nayo ipo kwa sababu alama ya `=` ina tabia mbaya. Kwa Excel, seli tupu na seli yenye 0 ni sawa ukiuliza kwa `=`. Karani mmoja akiandika 0 kwa idadi ya watoto na mwenzake akaruka swali, `=` itasema wamekubaliana. Jaribu mwenyewe kwenye seli mbili, utaona. Huu ndio mtego unaopoteza makosa mengi bila mtu kujua, na karibu kila fomula ya haraka niliyoona watu wakiitumia inao.

`EXACT` ni kali upande mwingine: nafasi iliyobaki mwisho wa neno au herufi kubwa badala ya ndogo inahesabiwa kuwa tofauti. Kwa safu za maandishi, kama jina la kituo, tumia `TRIM(UPPER(...))` kuzunguka kila upande.

Sasa weka jumla mbili. Chini ya kila safu, kwenye mstari wa 242:

```
=SUM(B2:B241)
```

Na mwisho wa kila mstari, kwenye AN2:

```
=SUM(B2:AM2)
```

Soma jumla hizi kabla ya kugusa tofauti yoyote moja moja. Safu yenye jumla kubwa mno ni tatizo la msimbo au la fomati. Kwenye mfano wetu tofauti zilikuwa 412 kwa jumla, na 263 kati yake zilikuwa kwenye safu mbili tu. Ya kwanza ilikuwa jina la kituo, iliyoandikwa kwa herufi kubwa na mmoja na ndogo na mwingine. Ya pili ilikuwa uzito, ambapo mmoja alitumia mkato wa desimali na mwingine nukta, na Excel ikauhifadhi mmoja kama maandishi. Rekebisha mara moja kwa safu nzima, andika ulichofanya, hesabu upya. Zikabaki 149.

Mstari wenye jumla kubwa mno, tuseme 15 kati ya 38, ni tatizo la utambulisho. Huenda makarani walichapa watu wawili tofauti chini ya namba moja. Hatua ya 4 haiwezi kuliona hili ikiwa namba mbili zimebadilishana, kwa sababu kila namba bado inatokea mara moja. Chukua karatasi ya namba hiyo na uangalie kurasa zote, maana pengine ukurasa wa dodoso jingine umechomekwa humo.

## Hatua ya 6: Amua kwa karatasi

Tengeneza daftari la tofauti: mstari mmoja kwa kila tofauti, wenye namba ya dodoso, swali, thamani ya `KWANZA`, thamani ya `PILI`, *karatasi inasema*, uamuzi, sababu, na jina la aliyeamua. Ili kupata thamani zote mbili kwa urahisi, nakili `LINGANISHA` kwenye shiti nyingine na ubadilishe fomula kidogo:

```
=IF(LINGANISHA!B2=0, "", KWANZA!B2&" | "&INDEX(PILI!B:B, MATCH($A2, PILI!$A:$A, 0)))
```

Kisha ficha safu za thamani na umpe mwamuzi orodha ya namba na maswali tu. Afungue dodoso, asome, aandike kwenye *karatasi inasema*. Ndipo uzifunue.

Inaonekana kama usumbufu wa bure, lakini fikiria kilicho mbele ya mwamuzi anayeona "34 | 43". Atatazama karatasi akitafuta ipi kati ya mbili ni sahihi, na atachagua mojawapo. Ikiwa karatasi inasema 84 kwa mwandiko mbovu, hatasoma 84. Kati ya tofauti zetu 149, nne zilikuwa za namna hiyo, wote wawili wamekosea, kila mmoja kivyake.

Penye mwandiko wenye utata, usiikodolee macho ile tarakimu peke yake. Chukua dodoso 1112, swali la uzito: mmoja kachapa 61.5, mwingine 67.5. Tarakimu ya pili ina mkia mdogo juu na haina mstari katikati. Rudi kwenye tarehe ya mahojiano juu ya ukurasa, ambako unajua kwa hakika tarakimu ipi ni 1. Ukikuta 1 za mhoji huyu zote zina mkia, na 7 zake zote zina mstari wa katikati, basi ni 61.5. Tafuta ushahidi kwa mhoji yuleyule, kwani 7 ya mtu mwingine haikusaidii.

Ushahidi ukikosekana, andika 666. Usichague thamani kwa kuwa inaonekana ya kawaida zaidi. Ukifanya hivyo mara nyingi, data yako itakuwa nadhifu kuliko watu waliohojiwa.

Na ile 210 ya umri? Makarani wote waliichapa, kwa hiyo haitokei kwenye orodha hii kabisa. Kuchapa mara mbili kunakamata kosa kati ya karatasi na kompyuta. Kosa kati ya mhojiwa na karatasi lina orodha yake ya maswali kwa mhoji, baadaye.

Sababu za tofauti zetu ziligawanyika hivi:

- `KWANZA` imekosea: 61
- `PILI` imekosea: 73
- zote zimekosea: 4
- utata wa mwandiko: 11 (6 zikaamuliwa kwa `KWANZA`, 3 kwa `PILI`, 2 zikawa 666)

## Hatua ya 7: Jenga faili la mwisho, kisha lihesabu

Nakili `KWANZA` kuwa shiti mpya `MWISHO`. Ingiza humo maamuzi yote yanayotofautiana na `KWANZA`. Usihariri `KWANZA` wala `PILI`.

Sasa kipimo ambacho wengi hawakifanyi. Tumia fomula ya hatua ya 5 kulinganisha `MWISHO` na `KWANZA`, halafu `MWISHO` na `PILI`. Idadi unazijua tayari kabla ya kuhesabu:

`MWISHO` dhidi ya `KWANZA`: 61 + 4 + 3 + 2 = 70

`MWISHO` dhidi ya `PILI`: 73 + 4 + 6 + 2 = 85

Ukipata 69, kuna uamuzi mmoja uliosahau kuuingiza. Ukipata 71, umegusa seli ambayo hukutumwa. Ukiingiza uamuzi kwenye mstari wa jirani, hesabu ya kwanza inaweza kubaki 70, lakini ya `PILI` itazidi 85, ndiyo maana unazifanya zote mbili. Kosa la uamuzi sahihi kuandikwa mahali pasipo pake hutokea zaidi mwisho wa siku, na bila hesabu hii halionekani popote.

## Hatua ya 8: Makosa yaliyokubaliana

Yamebaki makosa ambayo makarani wote waliyachapa sawasawa. Desturi ni kuchomoa asilimia 5 ya madodoso na kuyasoma upya dhidi ya `MWISHO`. Fanya hivyo, ila ujue kipimo hicho kinasema nini. Asilimia 5 ya madodoso yetu ni 12, seli 456. Usipokuta kosa hata moja, hesabu ya haraka ni kugawa 3 kwa idadi ya seli: 3 ÷ 456 ni kama 0.0066. Maana yake, kwa uhakika wa asilimia 95, makosa yanaweza bado kufikia 66 kwa kila seli 10,000. Ili uweze kudai yako chini ya 10 kwa 10,000, unahitaji seli 3,000 safi, yaani madodoso 79.

Kwa hiyo mbali na zile 12 za bahati nasibu, ninapenda kuongeza uchunguzi wa makusudi. Rudi kwenye daftari la tofauti, tafuta mhoji ambaye madodoso yake yametokea humo mara nyingi kuliko wengine, na usome madodoso yake yote. Mwandiko uliowatofautisha makarani mara nyingi ndio uliowakosesha pamoja pia. Matokeo ya uchunguzi huu yaandike kando, usiyachanganye na ya bahati nasibu, la sivyo kiwango chako cha makosa kitaonekana kibaya kuliko kilivyo.

Kwenye ripoti andika idadi ya seli, tofauti zilizobaki baada ya kusawazisha fomati (149 kati ya 9,120, asilimia 1.6), kiwango cha kila karani (65 na 77, ukijumlisha zile nne za wote), zilizoishia 666, na ukubwa wa sampuli ya hatua hii pamoja na makosa yaliyopatikana. Hifadhi pamoja mafaili mawili ya awali, daftari la tofauti na `MWISHO`. Karatasi usiziharibu mpaka uchambuzi uishe, kwa sababu maswali ya kina kama lile la 61.5 huja wakati mtu ameshachora grafu.